Bahasha za Kaki

Kazi yangu ilikuwa maneno. Nilisema hivyo kwenye kikao cha kwanza, tena kwa sauti ya mtu anayejua bei yake: mimi nipeni maneno, takwimu bakini nazo. Tulikuwa watu wanne. Kiongozi wetu alikuwa daktari wa chuo kikuu, mwanaume mpole aliyevua miwani kila alipotaja neno hedhi, kana kwamba kutoona vizuri ni sehemu ya heshima. Wasaidizi wake wawili, mabinti waliomaliza shahada juzijuzi, ndio wangewahoji wanafunzi. Wa nne ni mimi, mwandishi wa makala, mzaliwa wa Rungwe, mama wa makamo, niliyeitwa kuandika maswali na fomu za ridhaa kwa Kiswahili ambacho mzazi yeyote angekielewa bila kuinamisha uso.

Utafiti wenyewe ulitaka kujua jambo moja. Msichana wa shule ya msingi akiwa kwenye hedhi, anakosa shule au hakosi? Na akikosa, kinachombakiza nyumbani ni nini hasa: maumivu, choo kisicho na maji wala komeo, kukosa taulo za kike, au maneno ya watu? Kama hakosi, hilo nalo tulitaka kulijua, maana wako wengi wanaoandika jibu kwanza kisha huenda kutafuta wa kuwauliza.

Nilijifungia wiki tatu katika nyumba ya wageni pale Tukuyu, mvua ikipiga bati mchana kutwa, nikipepeta maneno kama mchele. Nilikataa "kuchafuka", maana hakuna aliyechafuka. Nilikataa "ugonjwa wa wanawake", maana hakuna aliyeugua. Nilikataa hata "mambo ya kike", kwa sababu mtu hawezi kujibu swali kuhusu mambo. Niliandika hedhi, na chini yake nikaeleza: damu inayotoka kila mwezi kwa msichana aliyekwisha kukua, jambo la kawaida la mwili. Sikuandika "kwa nini ulikosa shule ukiwa kwenye hedhi?" Niliandika kwanza "Je, muhula uliopita kuna siku hukuja shule?" na sababu tukaiacha aseme mwenyewe. Sentensi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa kwenye fomu ya mwanafunzi: *Unaweza kukubali leo na kukataa kesho. Huhitaji kutoa sababu, na hakuna atakayekuadhibu.* Niliisoma kwa sauti mbele ya kioo. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na nilikuwa najiona nimekolea vizuri.

Kwa kuwa wanafunzi hawajafika miaka kumi na minane, utaratibu ulidai ridhaa mbili. Mzazi au mlezi akubali kwanza, kisha mtoto aulizwe mwenyewe, faragha, na hapana yake ishinde ndiyo ya mzazi. Hapo ndipo lilipozuka wazo langu, wazo pekee katika utafiti mzima ambalo siwezi kumsingizia mtu mwingine. Fomu ya mzazi ilitaja hedhi ukurasa wa kwanza. Je, ikidondoka njiani? Wavulana wakiisoma? Nikapendekeza kila fomu itiwe kwenye bahasha ya kaki, igundishwe, na juu iandikwe "Kwa Mzazi au Mlezi". Daktari alivua miwani, akasema ni jambo la utu sana. Tulinunua bahasha kubwa, ili karatasi zisikunjwe.

Shule ya kwanza ilikuwa upande wa Kisondela, katikati ya migomba na maparachichi, mahali ambapo bodaboda hukuteremsha mlimani na kukuacha umalizie kwa miguu. Matroni, yaani mwalimu wa kike anayeshughulikia wasichana pale shuleni, alikuwa mama mfupi mwenye sweta la kijani, amefundisha hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alinipokea kwa chai, akaisoma fomu yangu yote bila kuruka mstari, akaisifu. Kisha akaishika ile bahasha kwa ncha za vidole.

"Na hii?"

"Ya kulinda siri yao, mwalimu."

"Mnawapa wasichana wote?"

"Wale waliokwisha kuanza tu. Wengine hawahusiki."

"Wape wote, mdogo wangu. Wape na wavulana."

"Wavulana hawahusiki kabisa, mwalimu."

"Ndiyo maana nakwambia uwape."

Nilitabasamu tabasamu la chuo kikuu. Nikamweleza kwamba kamati ya maadili ya utafiti ilikwisha kupitisha utaratibu, na kubadilisha kitu ni kuanza upya. Akaigeuza bahasha, akapapasa gundi.

"Na barua ya shule iliyogundishwa, huku kwetu, maana yake umeisahau?"

Sikuisahau. Mimi nilisoma shule kama hiyo, mabonde mawili kutoka hapo. Barua ya mchango, barua ya kikao cha wazazi, barua ya kuja na jembe, zote huja wazi, mkononi, zimelowa mvua, na jirani huzisoma kabla ya mwenyewe. Barua iliyofungwa, kwa msichana, ilikuwa na jambo moja: ana mimba, njooni mumchukue. Tulipokuwa watoto tulimwona mmoja akipewa barua yake, akatembea nayo hadi nyumbani kama mtu aliyebebeshwa jeneza lake. Hayo yote niliyajua. Nikamjibu, "Nyakati zimebadilika, mwalimu." Nilikuwa sijalala kijijini kwa miaka ishirini na mitano, na nilikuwa namwambia mtu anayeamka hapo kila siku.

"Haya," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Siku iliyofuata wasaidizi waliwakusanya wasichana wa darasa la saba, bila mwalimu na bila mwanaume, wakawaeleza yote. Kisha kila mmoja akapewa kikaratasi chenye namba. Aliyekwisha kuanza hedhi na anayependa kushiriki aweke alama ya vema. Wengine wakiache kitupu. Wote wakunje, wote watumbukize kwenye boksi. Hakuna aliyejua nani kaandika nini, na ilikuwa kazi safi. Mimi nilikaa pembeni, nikiangalia kama maneno yangu yanaeleweka.

Binti mmoja, mrefu, ameketi mbele, alinyoosha mkono. Alikuwa na miaka kumi na minne, wa kwanza darasani tangu la nne, analelewa na bibi yake. Mtihani wa kumaliza la saba ulikuwa miezi mitatu mbele, na matroni alikwisha kuniambia kwamba shule ilikuwa haijapata mtoto kama yule kwa muda mrefu.

"Mmesema naweza kukataa kesho."

"Ndiyo," nikasema, nikifurahi kusikia sentensi yangu kinywani mwa mtu.

"Nikikataa, mnafuta au mnaficha?"

"Tunafuta."

Akanitazama kidogo, kisha akaandika kwenye kikaratasi chake.

Kesho yake tuliita namba. Darasa zima lilikuwa kwenye hesabu, wavulana na wasichana, na msaidizi akasimama mlangoni na kuzitaja moja moja. Wasichana kumi na mmoja walitoka mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakarudi, kila mmoja ana bahasha ya kaki kubwa kuliko daftari, kuliko begi, kuliko kitu chochote ambacho mtoto anaweza kukificha chini ya sweta. Siri tuliyoitia kwenye boksi jana tukaigawa leo kwa mkono wetu. Wengine wote wakabaki wamekaa, mikono mitupu, wakihesabu.

Hayakupita hata mapumziko. Nilikuwa barazani nikikung'uta tope kwenye viatu, nikawasikia wanafunzi uwanjani.

"Wewe bahasha, stempu yako iko wapi?"

"Mwacheni, leo anapelekwa posta."

"Bahasha haikai dawati la mbele, italowesha kiti."

Walicheka wote, wasichana wasio na bahasha wakicheka kuliko wavulana, maana ndio waliokuwa na cha kuogopa. Na mimi, naomba hili lisomwe polepole, nilitoa kijitabu changu nikaandika: *bahasha: jina jipya, laendelea kuenea.* Nililiona kama jambo la lugha. Nilipokuwa na umri wao nilikalia sweta langu darasani, kwenye baridi ya Julai, nikisubiri wote watoke ndipo niinuke. Yule mtoto sijui nilimwacha wapi. Labda alibaki mapokezi ya chuo.

Jumatatu fomu zote kumi na moja zilirudi. Daktari alifurahi. Ya yule binti mrefu ilikuwa na dole gumba la bibi yake, asiyejua kusoma, na sahihi ya mjomba kama shahidi, kama utaratibu unavyotaka. Msaidizi akamketisha faragha, akamsomea haki zake, akamuuliza kama anakubali yeye mwenyewe.

"Bibi si ameshatia dole?"

"Tunakuuliza wewe."

"Nimekubali."

Akajibu maswali yote. Siku alizokosa muhula uliopita: hakuna. Siku alizokosa akiwa kwenye hedhi: hakuna. Anatumia nini? Vitambaa, anavifua, anavianika nyuma ya nyumba, juani, kama alivyofundishwa na matroni. Msaidizi aliandika pembeni kwamba mhojiwa ni mtulivu na anakaa upande. Anakaa upande. Tuliyasoma maneno hayo mara mbili kwenye kikao, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Baada ya hapo hakuonekana tena shuleni.

Tuliligundua hilo kwenye rejista ya mahudhurio, wiki tatu na siku kadhaa baadaye, tulipolinganisha majibu na alama za mwalimu. Daktari aliinua miwani, safari hii akaivaa.

"Mnaona? Alisema hakosi hata siku. Rejista inaonyesha siku kumi na sita mfululizo. Hii ndiyo tofauti tuliyokuwa tunaitafuta kati ya kauli na mahudhurio. Huyu ni muhimu sana."

Alikuwa mtu mwema. Sijui kama nimewahi kusikia jambo la kikatili zaidi likisemwa kwa furaha safi namna ile. Nilitikisa kichwa kukubaliana naye, kisha nikampigia matroni.

Tulikwenda pamoja, yeye mbele na sweta lake la kijani, mimi nyuma nikiteleza. Bibi alikuwa nje akimenya ndizi, akatutandikia mkeka kwenye kibaraza. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," na nilipoona uso wake unalainika nikajiona bado nina kwetu. Halikudumu hilo.

"Nyie ndo wenye kalatasi," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto alikuja nayo kifuani, imefungwa. Nikamwita mjomba wake. Nikasema, mwanangu, mambo yametufika. Mjomba hakuifungua. Alisema yaliyomo anayajua. Alikata fimbo."

Bibi akaendelea kumenya.

"Alipochoka ndo akafungua. Akasoma, akasoma tena. Akasema, kumbe hana mimba. Akacheka. Akasema, ila amekua, wameandika hapa. Mimi nilikuwa najua amekua, nilimfundisha mwenyewe, tukanyamaza. Sasa mjomba anajua. Majirani wanajua. Akaniambia, mama, weka dole, tusigombane na serikali. Nikaweka."

Hiyo ndiyo ridhaa niliyoisifu kwenye kikao. Fomu ilisema kwa maandishi meusi kwamba hakuna atakayemwadhibu mtoto, na ilikuwa ndani ya bahasha, imegundishwa, wakati anaadhibiwa.

Binti alitoka jikoni, akapiga goti. "Shikamooni." Alikuwa na gauni la nyumbani, hakutazama bahasha nyingine niliyokuwa nayo mkononi, kwa maana nilikuja nayo, ndiyo, ya kaki, ndani yake mna nakala ya fomu yake. Niliisukuma chini ya mkeka kama mwizi.

"Bahasha haiendi shule," akasema taratibu, alipoulizwa na matroni. "Nikiingia darasani wanapiga meza, pa, pa, kama wanagonga muhuri. Mwalimu wa hesabu naye anacheka. Nasoma hapahapa."

"Na mtihani?"

"Mtihani nitakuja. Siku mbili naweza kuvumilia." Kisha akanigeukia. "Mama, ulisema mnafuta."

"Ndiyo."

"Nifuteni. Yale majibu, na kikaratasi, na yale ya rejista. Yote."

Katika utafiti mzima, katika kamati na vibali na vikao, yule ndiye mtu pekee aliyeisoma fomu yangu kama maneno yenye maana. Nilisema tutafuta. Nikataka kuomba radhi, nikaanza na maelezo, na maelezo yakawa marefu, nikasikia nimefika kwenye neno "kusudio". Matroni akanishika mkono. "Inatosha, mdogo wangu."

Daktari alibishana siku nzima. Majibu afute, sawa, lakini rejista ni mali ya shule. Nikamsomea fomu: tuliomba ruhusa ya vyote, na vyote vinaondoka. Alikuwa na haya ya kutosha, akafuta mbele yangu, mstari mmoja kwenye kompyuta, na siku zake kumi na sita hazikuwa zimetokea tena popote. Nikaona nimeshinda kitu.

Lakini jambo la fimbo halikuwa letu kulifuta. Mwongozo wetu ulisema tukikuta mtoto amepigwa tutoe taarifa, na matroni akaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii, kama ilivyostahili. Mjomba akaitwa, akaonywa, akaandika ahadi. Wiki ile ile akampeleka binti Suma, kwa shangazi yake aliyejifungua, akamsaidie kulea. Bibi alimwambia matroni asijali, mtoto atarudi kabla ya mtihani, mjomba ameahidi. Mjomba yule alikuwa mtu wa ahadi nyingi wiki ile.

Sisi tulikwisha kurekebisha mambo. Shule zote zilizofuata tuliwapa wazazi wote barua, wa wasichana na wa wavulana, karatasi wazi isiyo na bahasha, ikisema kwamba utafiti unahusu afya na mahudhurio, na mwenye kutaka kujua zaidi aje kwenye kikao. Hedhi tuliieleza kikaoni, kwa mdomo, matroni wetu akiongoza. Msichana yeyote angeweza kuingia chumba cha mahojiano, aliyeanza na ambaye bado, na waliokuwa bado waliulizwa kuhusu maji ya kunawa. Hakuna aliyejulikana. Ilikwenda vizuri sana. Wazazi walishukuru, "ndaga fijo," wakatupa maparachichi. Kwenye ripoti tukio la Kisondela limekaa sentensi moja, nami ndiye niliyeiandika: *Utaratibu wa usambazaji wa fomu uliboreshwa baada ya hatua ya majaribio.* Ni sentensi sahihi. Haina kosa hata moja la lugha.

Siku ya kwanza ya mtihani kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Karatasi ya kwanza, kama kawaida, ilikuwa Kiswahili. Siku ile matroni alisubiri karatasi zifungwe, akapanda bodaboda hadi Suma kwenye mvua, na mfukoni alikuwa na barua aliyoiandika kwa mkono, wazi, haikugundishwa: *Mtoto huyu ana mtihani. Naomba aje.* Shangazi hakuwa amejua tarehe. Hakuna aliyemwambia. Binti alikuwa anazijua, alikuwa amezihesabu, lakini alikuwa amembeba kichanga mgongoni, nauli hana, na simu ya nyumbani kwa bibi alikuwa ameishika mjomba. Akavua kitenge cha mbeleko, akapanda nyuma ya matroni vile alivyokuwa.

Siku ya pili aliingia. Walipiga meza, pa, pa, hadi msimamizi alipowanyamazisha. Alimaliza mitihani yake yote ya siku hiyo, na ya mwisho alimaliza kabla ya wenzake, akalaza kichwa juu ya dawati. Nusu ya mitihani haimpeleki mtu kidato cha kwanza. Shule ya msingi alikuwa ameisoma bila kukosa hata siku moja, mpaka tulipofika kumuuliza kwa nini anakosa.

Nilitaka kuyaandika haya, na safari hii nikaomba kwanza. Sikuandika fomu. Nilimpigia matroni, naye akaenda mwenyewe, kwa miguu, akarudi kunipigia. Alikuwa akihema, maana nyumba ile ina mlima.

"Nimemuuliza kama nilivyouliza watu maisha yangu yote," akasema. "Nikamwambia akikataa basi."

"Amesemaje?"

"Amefikiri sana. Alikuwa anaanika nguo. Amesema uandike. Jina usiweke, na shule usiweke."

"Sitaweka."

"Na amesema usiifunge. Kila mtu asome."

Nikamuuliza kama alisema na kitu kingine. Matroni akasema hapana, alirudi kuanika nguo zake.